Kwa nini 38 kati ya 60 iligeuka asilimia 55.56

*"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasomea uuguzi. Testi yetu ilikuwa na maswali 60 ya kuchagua, kila swali machaguo manne, na juu ya karatasi iliandikwa kwamba jibu la kosa linakatwa theluthi moja ya alama. Nilipata 38, nikakosa 14, na nane niliyaacha kwa kuogopa kukatwa. Nilitegemea asilimia 63, lakini kwenye mfumo nimekuta 55.56. Rafiki yangu alijibu yote, akakosa 19, na bado kanizidi. Wamenionea? Na mtihani wa mwisho wa maswali 80, nifanyeje nipate walau 60?"*

Marahaba. Hapana, hujaonewa, na hesabu yako unaweza kuirudia mwenyewe kwa dakika moja. Majibu 38 sahihi yanakupa alama 38. Makosa 14, kila moja likikatwa theluthi, yanaondoa alama 4.67. Zinabaki 33.33. Ukigawa kwa 60 na kuzidisha kwa 100 unapata 55.56, ileile uliyoikuta. Ya rafiki yako ni 41 toa 6.33, yaani 34.67, sawa na asilimia 57.78.

Wanafunzi wengi hujikwaa kwenye mgawanyo huo wa mwisho. Wapo wanaogawa kwa maswali waliyojibu, kwako yangekuwa 52, wakidhani yaliyoachwa wazi hayahesabiki. Yanahesabika. Asilimia hupigwa juu ya alama zote za karatasi, kwa hiyo swali lililoachwa halikukati kitu ila limekunyima alama moja uliyokuwa na nafasi ya kuipata. Wengine husoma "theluthi moja" wakadhani ni asilimia 33 inayotoka kwenye matokeo yao. Kinachokatwa ni sehemu ya alama ya swali moja tu. Kwenye karatasi yako ya maswali 60, kosa moja lilikata asilimia 0.56 hivi.

Mimi huwaambia wanafunzi wahesabu kutokea juu kwenda chini, maana ndivyo gharama inavyoonekana vizuri. Anza na 60 kamili. Kila swali uliloacha linakutoa alama moja. Kila ulilokosa linakutoa alama moja na theluthi: ile moja uliyoikosa, pamoja na theluthi ya adhabu. Kwako ni nane kwa yaliyoachwa na 18.67 kwa makosa, jumla 26.67. Toa kwenye 60, unarudi palepale 33.33. Sasa angalia tofauti ya kukosa na kuacha: ni theluthi ya alama tu. Hofu iliyokufanya uyaache maswali nane ilikuwa hofu ya theluthi, na uliinunua kwa alama nzima kila mara.

Hiyo haimaanishi ulikosea kuyaacha yote. Inategemea ulichokuwa unakijua kwenye kila swali, na hapo ndipo inapobidi kuelewa hiyo theluthi ilitoka wapi.

Mtu asiyejua chochote akipiga ana ana ana doo kwenye swali la machaguo manne, kwa wastani atapata moja katika kila maswali manne na kukosa matatu. Bila adhabu, mtu huyo angeokota robo ya alama za mtihani bila kufungua daftari. Watunzi wa mitihani walitafuta adhabu ambayo ingeifuta zawadi hiyo bila kumuumiza zaidi. Makosa matatu yanatakiwa yafute jibu moja sahihi, kwa hiyo kila kosa linabeba theluthi. Kwa machaguo matano, makosa manne yanafuta moja, kwa hiyo ni robo. Kanuni yenyewe huandikwa hivi, S ikiwa majibu sahihi, M makosa, na k idadi ya machaguo:

```
Alama = S − M / (k − 1)
```

Ona kwamba yaliyoachwa wazi hayamo kabisa ndani ya kanuni. Na kuna jambo ambalo wengi hawalisikii kutoka kwa mtu yeyote: adhabu ya namna hii haikuwekwa ili kubahatisha kuwe hasara. Imewekwa ili kubahatisha kipofu kusiwe na faida wala hasara, kwa wastani. Ungejibu yale nane kwa macho yaliyofumbwa, ungetegemea mawili sahihi na sita makosa: mbili toa mbili, sifuri. Wastani lakini hauji kila siku. Kwa maswali nane ya kubahatisha kabisa, uwezekano wa kupata moja au kukosa yote, yaani kushuka, ni kama asilimia 37. Wa kupata matatu au zaidi, yaani kupanda, ni asilimia 32. Unaobaki ni wa kutoka sare. Ukikosa yote nane, jambo linaloweza kutokea mara moja katika kumi, unapoteza alama 2.67. Kwa hiyo kama swali hulijui hata kidogo, kuliacha ni sawa na kulijibu. Fanya lile litakalokupa utulivu wa kuendelea na maswali mengine.

Mambo hubadilika mara tu unapoweza kufuta hata chaguo moja kwa hakika. Chukua swali la fani yako: mgonjwa amezidishiwa heparini, dawa gani inaipinga? Machaguo ni vitamini K, protamini, naloksoni na atropini. Tuseme hukumbuki jibu. Lakini naloksoni unaijua ni ya aliyezidiwa na morfini na ndugu zake, na atropini umeisoma kwa mgonjwa aliyekunywa sumu ya kuulia wadudu. Yamebaki mawili. Ukichagua hapo bila kujua zaidi, nusu ya mara unapata alama moja, nusu ya mara unakatwa theluthi. Wastani wake ni faida ya theluthi ya alama kwa swali. Kama maswali yako nane yote yangekuwa ya namna hii, ungetegemea manne sahihi na manne makosa, yaani nyongeza ya 2.67, na asilimia yako ingepanda kutoka 55.56 hadi 60 kamili. Ungefuta chaguo moja tu kwenye kila swali, nyongeza ingekuwa ndogo, kama 0.89, ila bado ni nyongeza.

Jibu la lile swali ni protamini. Vitamini K hutumika kwa aliyezidishiwa warfarini, na mtunzi aliiweka pale makusudi, maana anajua mwanafunzi aliyesoma nusunusu anakumbuka kwamba vitamini K inahusiana na kuganda kwa damu.

Hapa pana tahadhari ambayo hesabu peke yake haiioni. Niliposema nusu kwa nusu nilichukulia kwamba machaguo mawili yaliyobaki yanakuvuta sawasawa. Kwenye mtihani uliotungwa vizuri, jibu la uongo huwa limetengenezwa limvute yule mwenye ujuzi pungufu. Mwanafunzi anayechagua kwa "naona kama hii nimeisikia" anaweza kupata chini ya nusu, tena wakati mwingine chini ya robo. Vilevile ukifuta chaguo kwa kudhani, na kumbe ndilo lilikuwa sahihi, uwezekano wako wa kupata umekuwa sifuri huku wewe unaamini umeuongeza. Kwa hiyo kufuta chaguo kunahitaji sababu unayoweza kuitaja. "Naloksoni ni ya morfini" ni sababu. "Hii inaonekana ngeni" siyo.

Kujua wewe uko upande gani hakuhitaji kukisia. Chukua karatasi za zamani za somo hilo, fanya kwa muda wa mtihani, na ujibu kila swali bila kuacha. Pembeni ya kila jibu andika namba ya machaguo uliyobaki nayo ulipoamua: 1 kama una uhakika, 2, 3, au 4 kama hujui kabisa. Halafu sahihisha na uhesabu kila kundi peke yake. Adhabu ikiwa theluthi, mpaka wa faida ni robo: kundi lolote unalopata zaidi ya moja katika kila manne linakulipa kulijibu. Kama kundi lako la 2 unapata karibu nusu, maarifa yako ya kufuta machaguo ni ya kweli na hupaswi kuliacha swali la namna hiyo tena. Kama unapata moja katika manne au pungufu, unavutwa na mitego, na dawa yake ni kurudi kwenye mada hizo, kwani mbinu ya kujibu haitakusaidia. Angalia pia kundi la 1. Wapo wanaokosa hata maswali saba kati ya 40 waliyokuwa na uhakika nayo. Mtu wa aina hiyo shida yake haiko kwenye kubahatisha hata kidogo. Na lifanye zoezi hili kwa maswali mengi kabla ya kuliamini, kwa sababu maswali kumi hayatoshi kukuonyesha kitu.

Mpaka huo wa robo ni wa adhabu yako tu. Adhabu ikibadilika, na mpaka unabadilika. Mfano mzuri ni mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari India, NEET, wenye alama 4 kwa jibu sahihi na kukatwa 1 kwa kosa, machaguo yakiwa manne. Kwa kulinganisha na alama za swali, hiyo ni adhabu ya robo, ndogo kuliko theluthi, kwa hiyo hata anayebahatisha kipofu anapata faida kidogo kwa wastani. Adhabu ikiwa nusu ya alama, unahitaji uwezekano wa zaidi ya theluthi moja ndipo ujibu, na kubakiza machaguo matatu hakutoshi. Na wapo wakufunzi, hasa kwenye maswali ya kweli au si kweli, wanaokata alama nzima kwa kila kosa. Hapo ukiwa chini ya nusu, acha. Ushauri wa jumla wa "jibu yote" au "usibahatishe kamwe" hauna maana kabla hujajua unakatwa kiasi gani na machaguo ni mangapi. Wengi wetu tulizoea mtihani wa darasa la saba, ambapo kosa halikati kitu na kuacha swali wazi ni hasara tupu, halafu tukafika chuoni tukabadilishiwa sheria bila mtu kutukalisha chini kutueleza.

Uliuliza kuhusu kuonewa, na nisingependa niishie kwenye hesabu tu. Alama yako ni sahihi kwa sheria iliyowekwa. Kuhusu sheria yenyewe, mimi ni miongoni mwa wanaoona ina kasoro. Inapima maarifa, lakini papo hapo inapima na ujasiri. Wanafunzi wawili wenye ujuzi uleule hupishana alama kwa sababu mmoja ni mwoga wa kukatwa, na tafiti za Marekani na kwingineko zimeonyesha kwamba wasichana huacha maswali wazi zaidi kuliko wavulana wenye uwezo sawa nao. Mtihani wa SAT wa Marekani, ambao hata vijana wetu wanaoomba vyuo vya kule huufanya, ulikuwa ukikata robo ya alama kwa maswali ya machaguo matano, na adhabu hiyo ikaondolewa kuanzia Machi 2016. Wanaoitetea nao wana hoja. Kwenye fani kama yako, muuguzi anayekisia kipimo cha dawa ni hatari, na wanataka mwanafunzi ajifunze kusema sijui. Ninaiheshimu hoja hiyo, ila sidhani theluthi ya alama ndiyo inayomfundisha mtu kumwita mwenzake wodini asipokuwa na hakika.

Sasa mtihani wako wa mwisho. Maswali 80, na unataka asilimia 60, yaani alama 48. Maana yake una alama 32 unazoruhusiwa kupoteza. Zikipotea zote kwa makosa, kila kosa likigharimu moja na theluthi, unaweza kukosa maswali 24 na upate mengine yote 56. Kwa maneno mengine, anayejibu kila kitu anahitaji kupata asilimia 70 ya maswali ili asilimia 60 isomeke kwenye matokeo. Liweke hilo kichwani wakati wa kujiandaa, maana mwanafunzi anayelenga kupata 48 sahihi kati ya 80 ataishia asilimia 46.67 akikosa hayo 32 yaliyobaki.

Tuseme siku hiyo unaingia na kukuta hali hii. Maswali 50 una uhakika nayo, na kwa ukweli wa binadamu utapata 47 na kukosa matatu: alama 46. Maswali 18 umeweza kubakiza machaguo mawili. Maswali 12 hujui lolote. Ukifanya kama ulivyofanya kwenye testi, ukaacha yote 30, unatoka na 46 kati ya 80, asilimia 57.5, na 60 imekupita. Ukiyajibu yale 18 na kupata nusu yake, yaani tisa, unaongeza tisa na kukatwa tatu. Jumla inakuwa 52, asilimia 65. Je, bahati ikikuendea vibaya ukapata sita tu kati ya 18? Unaongeza sita, unakatwa nne, unafika 48, asilimia 60 kamili. Ili uyajibu yale 18 halafu uishie chini ya 57.5, ingebidi upate manne au pungufu. Kwa mtu anayepata nusu kwa nusu, hilo ni jambo la nadra sana. Kwa anayevutwa na mitego, linawezekana, ndiyo maana nakusisitizia lile zoezi la namba pembeni kabla ya siku yenyewe.

Ndani ya chumba cha mtihani, pita mara ya kwanza ukijibu ya uhakika tu, na kwenye yale mengine weka alama ndogo kwenye karatasi ya maswali, na ufute palepale machaguo uliyo na sababu ya kuyafuta. Mara ya pili rudia yale uliyobakiza mawili au matatu. Ya kutojua kabisa yabaki mwisho, na ukiyaacha usijilaumu. Kama mnajaza fomu ya kusomwa na mashine, chunga sana kuruka mstari: unapoacha swali la 23 na kusahau, jibu la 24 linaingia kwenye 23, na kuanzia hapo yote yanasogea, kila moja na theluthi yake. Hakikisha namba ya swali na namba ya mstari kila unapoacha swali. Ukibadili jibu, futa la kwanza hadi lisionekane, kwa sababu swali lenye alama mbili linaweza kusomwa kama kosa badala ya kusomwa kama lililoachwa.

Kama mnafanya kwenye kompyuta kwa Moodle, swali ulilolibofya kwa bahati mbaya unaweza kulirudisha wazi kwa kubofya `Clear my choice`. Humo adhabu huwekwa na mwalimu swali kwa swali, kwa kuchagua `-33.33333%` kwenye `Grade` ya kila chaguo la kosa. Akisahau na kuacha `None`, swali hilo halikati kitu. Kile kinachoitwa `Penalty for each incorrect try` ni kitu kingine, kinahusu maswali yanayoruhusu kujaribu tena, wala usikihesabu hapa.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi na inabidi uende kwa mwalimu wako wa somo, ana kwa ana. Kwanza ni pale alama haikubaliani na kanuni uliyotangaziwa. Kwa majibu yako ya 38 na 14, adhabu ya robo ingetoa 57.5, ya nusu ingetoa 51.67, na ya alama nzima ingetoa 40. Kwa hiyo namba inayoonekana kwenye mfumo inakuambia ni adhabu gani imetumika. Hata mwalimu aliyekata 0.33 badala ya theluthi kamili angekupa 55.63. Pili ni pale unapoamini jibu lililowekwa kuwa sahihi siyo sahihi. Hapo usidharau swali moja: likirekebishwa, unarudishiwa theluthi na kupewa alama, jumla 1.33, na kwenye karatasi ya maswali 60 hiyo ni asilimia 2.22. Maswali mawili ya namna hiyo yangekutoa kwenye 55.56 hadi 60. Tatu ni pale adhabu haikutangazwa kabla ya mtihani. Hilo una haki ya kulihoji.

Ukienda, nenda mapema, kabla muda wa kukata rufaa ambao chuo chako kimeuweka haujapita. Omba kuiona karatasi yako na orodha ya majibu, na uwe na namba za maswali, jibu lako, jibu lao, na ukurasa wa kitabu cha kiada unaokuunga mkono. Na kabla ya mtihani wa mwisho muulize mambo mawili, akupe jibu la wazi: kosa litakatwa kiasi gani, na swali lililoachwa wazi litahesabiwaje. Usidhani kwamba sheria ya testi ndiyo itakayotumika. Akikuambia ni nusu badala ya theluthi, mpaka wako unapanda kutoka robo hadi theluthi, na maswali uliyobakiza machaguo matatu yanahama kutoka kundi la kujibu kwenda kundi lisilo na faida.